Siku 30 zilizogeuka 19: nilivyopima upya hifadhi na mtandao wa kamera 260

Mteja alikuwa amelipia siku 30 za kumbukumbu, lakini mfumo ulikuwa unampa 19 na ushei. Hakuna aliyejua, kwa sababu mfumo wa kurekodi haulalamiki diski zinapojaa. Unafuta siku ya zamani kuliko zote, unaandika ya leo juu yake, na taa zote zinaendelea kuwaka kijani. Ilijulikana siku mpangaji mmoja aliporudi safari, akakuta gari lake limekwaruzwa kwenye maegesho, akaomba picha za siku 24 nyuma. Kiongozi wa zamu alizitafuta mpaka akachoka. Hazikuwapo.

Niliitwa kukagua. Jengo ni la matumizi mchanganyiko: maegesho ya ghorofa tatu chini ya ardhi, maduka kwenye ghorofa za mwanzo, ofisi juu yake, na makazi huko juu kabisa. Kamera zilikuwa 260. Mchoro wa awali ulichorwa na kampuni nyingine, na nilipofungua karatasi yake ya hesabu nilikuta mstari mmoja tu wa maana: kila kamera megabiti 2 kwa sekunde, mara 260, mara siku 30.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Megabiti 1 kwa sekunde ikitiririka saa 24 ni gigabaiti 10.8 kwa siku, maana siku ina sekunde 86,400 na baiti moja ni biti 8. Namba hiyo 10.8 naitembeza kichwani kila mahali, kwani inanipa jibu la haraka kabla sijafungua programu yoyote. Kamera 260 kwa megabiti 2 ni megabiti 520, sawa na terabaiti 5.6 kwa siku, na kwa siku 30 ni terabaiti 168.5. Walinunua diski zenye nafasi ya kuandikia terabaiti 170, wakaona wamemaliza. Tatizo lilikuwa ile 2. Ilitoka kwenye kikokotoo cha mtengenezaji, kwa kuchagua pikseli milioni 4, fremu 15 kwa sekunde, kodeki ya H.265, na mandhari ya "kawaida". Kwenye jengo lile sikuona mandhari ya kawaida popote.

Kodeki hubana video kwa kutohifadhi picha nzima kila mara. Inatuma fremu kamili moja, kisha kwa sekunde moja au mbili inatuma mabadiliko peke yake. Kwa hiyo ukubwa wa data hauamuliwi na pikseli tu, bali na kiasi cha vitu vinavyobadilika mbele ya lenzi. Kamera mbili za aina moja, zenye mipangilio ileile, zinaweza kupishana mara tano kwa sababu moja inatazama ukuta na nyingine inatazama ngazi za umeme zilizojaa watu.

Nikaamua kuachana na jedwali na kupima. Niligawa kamera katika makundi manne kwa kile zinachokitazama, nikachagua chache katika kila kundi, na kuchukua sampuli za dakika 10 kwa saa tofauti za mchana na usiku, siku za kazi na za mapumziko. Amri ilikuwa hii, njia ya mwisho kwenye anwani ikibadilika kulingana na mtengenezaji:

```
ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://USER:PASS@10.20.3.41/stream1" -c copy -t 600 kipimo.mkv
```

Neno `copy` ndilo muhimu humo. Linahifadhi mkondo kama ulivyotoka kwenye kamera bila kuusimba upya, kwa hiyo ukubwa wa faili ndio ukweli wenyewe. Unachukua megabaiti za faili, unazidisha kwa 8, unagawa kwa sekunde 600.

Kamera ya kwanza kunishangaza ilikuwa ghorofa ya tatu ya maegesho, kando ya mteremko wa kutokea. Mchana ilitoa megabiti 2, sawasawa na karatasi. Nikaipima tena saa 5 usiku, hakuna gari linalopita, hakuna mtu, na faili ikatoka megabaiti 375. Hiyo ni megabiti 5 kwa sekunde za picha ya sakafu tupu. Nilipoikuza ile picha kwenye skrini nikaona sababu: ukuta mzima ulikuwa unachemka kwa chembechembe za kijivu. Ili kuokoa umeme, taa za maegesho zilikuwa zinapunguzwa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Kamera ikikosa mwanga inaongeza nguvu ya kitambuzi chake, na nguvu hiyo inakuza pia kelele za umeme zilizomo ndani ya kitambuzi. Kila chembe inabadilika kila fremu. Kwa macho yetu ni sakafu tupu, kwa kodeki ni umati unaokimbia.

Kwa hiyo saa 14 za megabiti 2 na saa 10 za megabiti 5 zikatoa wastani wa 3.25 kwa kundi zima la maegesho. Kamera hizo ni 60. Kelele hizo zina dawa, na tuliitumia: kuweka kikomo cha nguvu ya kitambuzi, kupandisha kiasi kipunguza-kelele cha ndani ya kamera, na kumwomba meneja aache taa za mteremko ziwake zaidi kidogo. Kipimo kikashuka hadi kama 3.5 usiku. Kipunguza-kelele kikizidishwa, mtu anayetembea anaacha mkia nyuma yake kama moshi na sura yake inafutika, kwa hiyo hatukukisukuma mbali. Tena katika hesabu ya diski niliacha ile 5 ya mwanzo. Mipangilio ya namna hii hupotea siku kamera inapobadilishwa na fundi mwingine akaweka mpya kama ilivyotoka kiwandani.

Kwenye maduka hali ilikuwa kinyume: mchana na jioni ndio wenye pilikapilika, usiku wa manane kimya. Wastani wa saa 24 ulikuwa megabiti 4, lakini jioni zilipanda hadi 6. Kamera moja pale ilikuwa inazidi wenzake wote, na nilipokwenda kuitazama nikakuta robo ya picha yake imejaa skrini kubwa ya matangazo inayobadilika usiku na mchana. Tulifunika sehemu ile kwa kizuizi cheusi cha faragha ambacho kamera inakichora yenyewe kabla ya kusimba. Rangi moja isiyobadilika haigharimu karibu chochote, na mkondo ukarudi kwenye kiwango cha jirani zake.

Korido na ngazi za ofisi na makazi ndizo zilikuwa tulivu, megabiti 1.5. Hapo meneja aliniuliza swali ambalo huulizwa karibu kila mradi. "Fundi, si tungerekodi tu panapotokea mjongeo? Korido usiku hazina mtu." Nilimjibu, "Tunaweza, mkuu, ila nisingependa ununue diski kwa kutegemea hilo." Zile chembechembe za gizani huamsha kigunduzi cha mjongeo vilevile zinavyoidanganya kodeki, na ukikipunguza ukali ili zisikiamshe, kinaanza kumkosa mtu wa kweli aliyevaa nguo za giza. Kwenye maduka mjongeo haukatiki hata hivyo. Mimi hupanga diski kama vile kila kamera inarekodi muda wote. Mjongeo ukiokoa kitu, unabaki akiba.

Swali la pili lilikuwa kupunguza fremu. Watu hudhani ukitoka fremu 15 kwenda 8 unaokoa karibu nusu. Huokoi nusu. Fremu kamili zinabaki palepale kama muda kati yake haujabadilika, na mabadiliko kati ya fremu moja na inayofuata yanakuwa makubwa zaidi kwa sababu mtu amepiga hatua ndefu zaidi katikati. Kwenye korido tungepata nafuu ndogo na kupoteza sura za watu wanaokatiza mlangoni kwa haraka. Tukaacha 15.

Kundi la mwisho, kamera 20 za nje zenye pikseli milioni 8, zilitoa 6 mchana na 10 usiku, wastani 8. Huko mvua na wadudu wanaorukaruka mbele ya taa za infraredi ndio wanaopandisha hesabu.

Jumla ikawa hivi. Korido 110 kwa 1.5 ni megabiti 165. Maduka 70 kwa 4 ni 280. Maegesho 60 kwa 3.25 ni 195. Nje 20 kwa 8 ni 160. Zote pamoja ni megabiti 800 kamili kwa sekunde, na ukizidisha kwa 10.8 unapata terabaiti 8.64 kwa siku. Gawa zile terabaiti 170 walizokuwa nazo kwa 8.64, unapata siku 19 na ushei. Namba ya karatasini na tarehe ya kumbukumbu ya zamani kuliko zote kwenye mfumo zilikutana, na hapo ndipo nilipoamini vipimo vyangu. Kwa siku 30 tulihitaji terabaiti 259.2.

Meneja alidhani shida imekwisha: nunua diski. Lakini kulikuwa na lalamiko jingine ambalo hakuna aliyelihusisha na hili. Walinzi walisema kila jioni, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, picha "zinavunjika": vipande vya mraba, watu wanaoruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kisha saa 4 mambo yanatulia. Walikuwa wamebadilishiwa kebo na hata skrini. Hakuna kilichosaidia.

Hifadhi hupangwa kwa wastani, maana diski haijali kama data imekuja asubuhi au jioni. Mtandao hupangwa kwa saa mbaya kuliko zote. Nikachukua vipimo vyangu na kujiuliza kila kundi linatoa kiasi gani saa 3 na nusu usiku. Maduka bado yamejaa, kamera 70 kwa megabiti 6, yaani 420. Taa za maegesho zimeshapunguzwa, 60 kwa 5 ni 300. Nje kuna giza, 20 kwa 10 ni 200. Korido 165. Jumla ni megabiti 1,085. Na mkondo wote huo ulikuwa unapita kwenye kiungo kimoja cha gigabiti 1 kutoka swichi kuu hadi chumba cha seva. Maduka yakifungwa saa 4, jumla inarudi chini ya uwezo wa kiungo na picha zinapona zenyewe.

Kwenye ukurasa wa swichi kuu, kihesabio cha `OutDiscards`, yaani pakiti za data zilizotupwa, cha mlango ule kilikuwa kimefika mamilioni. Nilikiandika kabla ya saa 3, nikakiandika tena saa 4. Kilikuwa kimepanda kwa wingi ndani ya saa hiyo. Kamera zile zilikuwa zinatuma kwa UDP, na katika UDP pakiti iliyotupwa hairudiwi. Ikipotea sehemu ya fremu kamili, mabadiliko yote yanayofuata yanajengwa juu ya picha iliyoharibika mpaka fremu kamili nyingine ifike. Na uharibifu huo haukuwa wa skrini za walinzi peke yake. Ulikuwa unarekodiwa.

Kitu kimoja kilinichelewesha. Swichi mojawapo ya maegesho, yenye kamera 24, nayo ilikuwa inatupa pakiti, ilhali grafu yake ilionyesha kiungo chake cha gigabiti 1 kimetumika chini ya asilimia 15. Grafu ile ilikuwa wastani wa dakika 5, na tatizo lilikuwa la milisekunde. Kamera zote 24 zinapata umeme kutoka swichi ileile. Umeme ukikatika na kurudi, zinawaka pamoja, zinaanza kutiririsha karibu kwa wakati mmoja, na fremu zao kamili zinaangukia karibu nukta moja kila sekunde mbili. Fremu kamili ni kubwa mara nyingi kuliko ya mabadiliko. Kila kamera inaimwaga kwa kasi ya mlango wake, megabiti 100, kwa hiyo kwa muda mfupi sana kuna gigabiti 2.4 zinazotaka kutoka kwenye mlango wa 1. Kinachozidi kinasubiri kwenye bafa ya swichi, na swichi nyingi za bei ya chini zina bafa ndogo. Bafa ikijaa, pakiti inatupwa, na wastani wa dakika 5 hautakuonyesha lolote.

Tulizizima na kuziwasha kamera zile kwa zamu, kila moja ikipishana na mwenzake kwa muda kidogo, na kihesabio kikasimama. Hilo lilikuwa jaribio la kuthibitisha sababu, si suluhisho, kwa sababu umeme ukikatika tena mambo yanarudi palepale. Suluhisho lilikuwa kuhamisha usafirishaji kwenda TCP ili kilichopotea kitumwe upya, na kuweka mahali pale swichi yenye bafa kubwa zaidi.

Kwa kiungo cha chumba cha seva sikutumia 1,085 kama msingi. Kila kamera ilikuwa kwenye hali ya `VBR`, ambamo kasi hupanda na kushuka na mandhari, ikiwa na kikomo cha juu. Hali ya `CBR`, ambamo kasi ni ileile muda wote, ingerahisisha hesabu zangu, lakini inalipisha korido tupu bei ileile ya korido iliyojaa, na maduka yakifurika inaharibu picha ili kubaki ndani ya kiwango. Nikaweka vikomo: korido 4, maduka 8, maegesho 6, nje 12. Zote zikigonga kikomo kwa pamoja, jumla ni megabiti 1,600. Hiyo ndiyo namba ya mtandao. Tukafunga viungo viwili vya gigabiti 10, kimoja kikiwa cha akiba.

Chumba cha ulinzi kilikuwa na mkondo wake wa kuhesabu. Skrini 8 zenye vioo 16 kila moja ni picha 128 kwa wakati mmoja, na zilikuwa zinavuta mkondo mkuu ili kuonyesha picha ndogo kama kiganja. Tulizihamishia kwenye mkondo mdogo wa megabiti 0.5, jumla 64 tu, na mlinzi akifungua picha moja kwa ukubwa kamili mfumo unabadilisha kwenda mkondo mkuu. Walinzi hawakuona tofauti yoyote.

Diski nazo. Tulipanga seva tatu, kamera zikigawanywa kwa megabiti na siyo kwa idadi, maana kamera 20 za nje ni nzito karibu sawa na korido zote 110. Kila seva ina diski 10 za terabaiti 16 katika RAID 6. Mbili zinakwenda kwenye ulinzi wa kuharibika, zinabaki terabaiti 128, na mimi hujaza hadi asilimia 90 tu, kwa hiyo 115.2. Meneja alitaka RAID 5, inayotenga diski moja tu kwa ulinzi katika kila seva, ili aokoe diski tatu. Nilimpigia hesabu ya kujenga upya diski moja iliyokufa: terabaiti 16 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa 44, na hiyo ni kama seva haina kazi nyingine. Yetu ingekuwa inaendelea kuandika kamera 80 na zaidi muda huohuo, kwa hiyo ni siku kadhaa. Katika siku hizo, kwa RAID 5, diski ya pili ikifa kumbukumbu zote za seva hiyo zimekwenda. Akakubali. Baadaye aliniuliza mbona diski ya 16 inasomeka 14.5 kwenye skrini. Ni programu inayohesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, hakuna kilichopungua.

Dakika za mwisho liliongezeka sharti: kamera 8 za njia ya kupitishia fedha, kutoka sehemu za mauzo hadi chumba cha kuhesabia, zihifadhiwe siku 90. Kamera 8 kwa megabiti 4, kwa siku 60 za ziada, ni terabaiti 20.7. Kamera nane zilikula nafasi ya kamera 16 nyingine za siku 30. Jumla mpya ikawa 279.9 dhidi ya uwezo wa 345.6, akiba ya kama asilimia 23.

Nilimwachia kiongozi wa zamu kazi moja ya kila wiki: kuchukua kamera mojamoja kutoka kila kundi na kuandika tarehe ya kumbukumbu yake ya zamani kuliko zote. Mfumo uliendelea kushika siku 37 hivi kwa kamera za kawaida, kisha maduka yakaanza kurudi nyuma, 36, 35, 34. Ilikuwa mpangaji mpya aliyefunga skrini nyingine za matangazo. Juzi wameniuliza kuhusu ukumbi wa mazoezi unaokuja ghorofa ya tatu, kamera 12. Kwa megabiti 4 ni terabaiti 15.6 kwa siku 30, zinaingia. Nimewaomba tu wanitumie mchoro wa mahali vioo na televisheni zitakapokaa kabla hawajatoboa dari.